Kabla hujakaa mezani kujadiliana, piga kwanza hesabu ya pa kwenda ukikosa

Hii ni kwa nyie mnaoanza kazi za kujadiliana, iwe mkataba na mteja, mshahara, au bei ya huduma unayotoa. Nimekaa kwenye haya mambo muda wa kutosha, na kitu ninachoona kinawaangusha wageni wengi sio kuongea, kuongea wanajua, ni kwamba wanaingia ndani hawajui wakikosa hiyo dili kesho yake wanafanya nini. Wenye fani wanaiita batna, yani ile njia iliyo bora kuliko zote ulizonazo kama mazungumzo yakivunjika. Watu wengi wameshalisikia hilo neno ila ukiwauliza yako ni ipi na ina thamani gani wanakwambia "aah nina wateja wengine tu". Hiyo sio batna, hayo ni matumaini.

Kitu cha kwanza kukielewa, mbadala ni jambo unaloweza kulifanya bila huyo mtu kukubali chochote. Kama unajadiliana na mteja afu unasema "mbadala wangu ni nishushe bei kidogo", hapana, hiyo bado ni ofa kwenye meza ileile, inahitaji yeye aseme ndio. Mbadala ni kile kinachobaki akishasema hapana na akaondoka.

Sasa nitawapa mfano wa dada mmoja namfahamu vizuri, anatunza hesabu za makampuni akiwa amejiajiri. Kampuni moja inamlipa kila mwezi kwa siku kama 15 za kazi. Malipo yake ya sasa tuyaite 100 ili hesabu iwe nyepesi. Mkataba unakaribia kuisha, wakamtumia imeli kwamba mwaka ujao wanataka kulipa 75, na kwamba wako watu wengi wa kuifanya kazi hiyo kwa hiyo bei.

Alivyonipigia simu alikuwa ameshaamua, ananiambia mimi chini ya 95 siendi maana kuna kampuni nyingine imeniahidi 95. Nikamwambia ngoja kwanza, chukua karatasi, andika kila kitu unachoweza kufanya hii kampuni ikikuacha. Akaandika vitatu: kampuni mpya ya 95, vibarua vya hapa na pale, na kuajiriwa. Hapo kuna mtego ambao nauona kila siku, mtu akiwa na mbadala tatu moyoni anazijumlisha, anajiona tajiri, "nitaenda kwa hawa, au kwa wale, au nitaajiriwa", wakati siku ya siku atakuwa kwenye moja tu. Kwa hiyo lazima uchague moja iliyo bora na hiyo ndo uipigie hesabu, zingine ziwe za akiba kama ile ya kwanza ikigoma. Kuajiriwa tukakufuta palepale kwasababu alikuwa hajatuma maombi hata sehemu moja na mwenyewe alikiri hakutaki.

Tukabaki na kampuni mpya, na vibarua kama akiba. Nikamuuliza maswali ya kawaida tu. Wataanza lini? Miezi 2 baada ya mkataba wake wa sasa kuisha. Kuna maandishi? Hakuna, waliongea kwa simu na meneja wao. Utahitaji gharama yoyote kuhamia kwao? Ndio, wanatumia programu nyingine ya hesabu, kuilipia na kujifunza ni kama 30 hivi kwa jumla. Na vibarua vinakupa ngapi kwa mwezi, sio mwezi mzuri, wastani wa mwaka uliopita? Akafungua daftari lake, ikatoka 70 kwa siku zilezile 15.

Tulivyoipanga ni hivi. Kama kampuni mpya ikija kweli, mwaka wake utakuwa miezi 10 ya 95, ambayo ni 950, jumlisha miezi 2 ya vibarua akisubiri, 140, toa 30 za programu, anabaki na 1060. Kama isipokuja, anakula vibarua mwaka mzima, 70 mara 12 ni 840. Sasa ahadi ya simu ina uzito gani? Nikamwambia fikiria ahadi kama hizi ulizowahi kupewa kwa mdomo, ngapi zilitimia. Akasema zaidi ya nusu ila sio nyingi sana, tukaweka asilimia 60. Asilimia 60 ya 1060 ni 636, asilimia 40 ya 840 ni 336, jumla 972 kwa mwaka. Gawa kwa 12 unapata 81 kwa mwezi.

81, sio 95. Hiyo tofauti ndo inayowaumiza watu. Angeingia na 95 kichwani angekataa 90, angekataa 85, akaenda nyumbani kifua mbele kwenye kitu kinachomlipa kwa wastani 81. Na upande wa pili pia, mtu mwoga ambaye hajapiga hesabu angeikubali ile 75 kwa hofu ya kukosa kabisa, wakati nje ana 81.

Hapa naomba niseme kitu kuhusu hiyo asilimia, maana najua kuna mtu atasema ni ya kubuni. Ndio ni makadirio, lakini ukiacha kuiandika haimaanishi umeikwepa, inamaanisha umeweka asilimia 100 bila kujua. Jaribu kuibadilisha uone jibu linayumba kiasi gani. Kwa huyu dada kila asilimia 10 ilikuwa inasogeza jibu karibu 2 kwa mwezi, kwa hiyo hata kama tumekosea kidogo hatujapotea. Jibu likiwa linaruka sana kwa kubadilisha kitu kimoja basi hicho kitu ndo cha kwenda kukichunguza kabla hujaingia kwenye mazungumzo.

Na ndo alichofanya. Badala ya kushinda anafanya mazoezi ya maneno ya kuiambia kampuni yake ya sasa, alirudi kwa ile kampuni mpya akawaomba waandike ofa rasmi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho ya kuikubali. Ikamchukua wiki na kidogo kuipata. Ofa ikiwa kwenye maandishi tukapandisha kutoka asilimia 60 hadi 90: asilimia 90 ya 1060 ni 954, asilimia 10 ya 840 ni 84, jumla 1038, kwa mwezi 86.5. Hajajadiliana na mtu yeyote bado na tayari thamani ya mbadala wake imepanda kutoka 81 kwenda 86.5. Mimi siku zote nasema ukiwa na siku chache kabla ya mazungumzo, muda mwingi upeleke hapo, kwenye kuikuza mbadala, sio kwenye maneno.

Ile tarehe ya mwisho ya kukubali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ofa inayoisha kabla hujakaa na huyu wa kwanza sio mbadala tena, imeshakufa. Yeye aliomba waongeze siku ili imalizikie wiki moja baada ya kikao, wakakubali.

Afu kuna vitu ambavyo haviko kwenye malipo. Kampuni mpya inataka awe anaenda ofisini kwao mara moja kwa wiki, hii ya zamani anafanyia nyumbani. Swali linalosaidia ni hili: ungekubali upungukiwe kiasi gani ili usiwe na hiyo safari? Usijibu "inategemea", toa namba. Akasema kama 2.5 kwa mwezi ukitandaza mwaka mzima. Tukatoa, ikabaki 84. Hiyo 84 ndo kikomo chake, chini ya hapo ananyanyuka anaondoka. Akaiandika kwenye daftari kabla ya siku ya kikao, na hilo nalisisitiza sana kwasababu ukiwa mle ndani umechoka na wanakusifia, namba ambayo haijaandikwa inateleza yenyewe.

Tahadhari moja hapa. Hesabu ya wastani inamfaa mtu anayeweza kuvumilia ule upande mbaya. Kama ile miezi ya 70 ingemfanya ashindwe kulipa madeni, kikomo chake kingebidi kiwe chini ya 84, maana yeye hataishi wastani, ataishi moja kati ya zile njia mbili. Yeye alikuwa na akiba ya miezi kadhaa kwa hiyo tukaiacha.

Baada ya hapo tukageukia upande wa pili, maana na wao wana mbadala wao. Walisema wako watu wa 75. Akaulizia kwa wenzake wa fani, anayeweza kazi ya ukubwa ule haendi chini ya 80. 80 mara 12 ni 960, ongeza mwezi mmoja wa kulipa watu wawili wakati mgeni anakabidhiwa, unafika 1040, yani karibu 87 kwa mwezi, na hapo bado hujaweka hofu ya mtu mpya kuvuruga hesabu za kufunga mwaka ambazo zilikuwa zimebaki miezi 3. Kwa hiyo na wao kumwacha kunawagharimu 87 na ushee. Kati ya 84 na hapo kwenye tisini hivi kuna mahali pa kukutana, ila ni padogo, na kujua kwamba ni padogo kulimsaidia asianze na 110 akawafukuza.

Kikaoni walianza na 75, akawaambia kwa upole kwamba ana ofa nyingine ya maandishi na hakuitaja ni ngapi. Wakapanda 82. Afu bosi wao akaja na kitu tofauti, "tukupe 90 ila uongeze na kazi ya mishahara ya wafanyakazi". 90 ni kubwa kuliko 84 na hapo ndo wengi wanasaini. Yeye akaomba dakika kumi akatoka nje na daftari. Kazi ya mishahara ingemla siku 3 zaidi kila mwezi. Kwenye vibarua siku 15 zinampa 70, kwa hiyo siku moja ni kama 4.7 na siku 3 ni 14. 90 toa 14 ni 76, iko chini ya kikomo. Akarudi akawaambia kazi ya mishahara tuiweke pembeni na bei yake tuizungumze peke yake, tumalize kwanza hii ya hesabu, wakaishia 88 na malipo ndani ya siku 30, na siku ileile akaandika kwa kampuni mpya kuwashukuru ili wasiendelee kumshikia nafasi.