Joto kwenye fimbo isiyo na mwisho: usikimbilie kurudi kwenye x

Ukianza kusoma mlinganyo wa joto utakutana kwanza na fimbo fupi yenye ncha mbili, na utazoea kuandika jibu kama jumla ya sini na kosini. Ncha zile zinakuchagulia mawimbi: yanayolingana na urefu wa fimbo yanabaki, mengine yanatupwa. Joseph Fourier mwenyewe, alipowasilisha kazi yake ya kwanza kuhusu joto mjini Paris mwaka 1807, alianzia kwenye vitu vyenye mipaka ya namna hiyo. Fimbo inayoenda pande zote mbili bila kikomo haina ncha ya kukuchagulia chochote, kwa hiyo kila wimbi linaruhusiwa, na jumla inageuka kuwa integrali. Hilo ndilo badilisho la Fourier. Wanafunzi ninaowafundisha huliona kama fomula mpya ya kukariri, kisha wanakwama katikati ya njia. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba kazi nyingi huisha upande wa w, yaani upande wa mawimbi, ambapo w kubwa ni wimbi lenye mikunjo midogo, kabla hujarudi kwenye x, yaani mahali kwenye fimbo, na kwamba ukikaa huko muda kidogo zaidi utaokoa kurasa mbili za hesabu.

Mlinganyo wenyewe ni huu, ambapo u ni joto mahali x wakati t, na k inaonyesha metali husika inasambaza joto upesi kiasi gani:

```
u_t = k u_xx
u(x,0) = f(x)
```

Kabla ya hatua yoyote, hakikisha u unayoitumia ni joto lililozidi joto la mazingira. Chumba kikiwa na nyuzi 25 na ukaandika u = 25 huko mbali, integrali ya badilisho haitakuwa na thamani, maana unajumlisha 25 kwenye urefu usio na mwisho. Toa 25 kwanza, fanya hesabu, irudishe mwishoni. Mlinganyo haujali, kwa sababu derivativu za konstanti ni sifuri.

Chagua pia fasili moja ya badilisho na uiandike juu ya karatasi. Mimi natumia hii:

```
F(w) = ∫ f(x) e^(-iwx) dx
f(x) = (1/2π) ∫ F(w) e^(iwx) dw
```

Integrali zote hapa zinaanzia hasi isiyo na mwisho hadi chanya isiyo na mwisho. Vitabu vingine huweka 1/√(2π) pande zote mbili, na hakuna ubaya wowote. Balaa huanza pale mtu anapochukua fasili ya kitabu kimoja na jedwali la kitabu kingine. Jibu linatoka na umbo sahihi kabisa, lakini limezidishwa au kugawanywa kwa √(2π), yaani takriban 2.5. Nitakuonyesha baadaye namna ya kulinasa kosa hilo.

Sasa chukua badilisho la pande zote za mlinganyo. Upande wa kulia unahitaji integrali kwa sehemu mara mbili, na kila mara unadai u na u_x vififie kuwa sifuri huko mbali. Kila derivativu ya x inakuwa kuzidisha kwa iw. Derivativu mbili ni (iw)², yaani -w². Alama hiyo ya kutoa ndiyo inayofanya joto litulie. Ukiipoteza, jibu lako litalipuka kadiri muda unavyoenda, na hapo utajua mara moja kwamba umeteleza. Ukiita badilisho la u kwa jina U, linabaki:

```
U_t = -k w² U
U(w,t) = F(w) e^(-k w² t)
```

Simama hapa. Derivativu ya x imetoweka, na kwa kila w una mlinganyo mwepesi wa t peke yake. Angalia kwamba konstanti ya mwanzo si namba moja bali ni F(w), maana kila w ina mwanzo wake. Kisha usome mstari wa pili kwa maneno: kila wimbi linapungua peke yake bila kujali mengine, na wimbi lenye w maradufu linapungua kwa kasi mara nne. Mikunjo midogo ya joto inafutika haraka, mikunjo mipana inadumu. Weka w = 0 na utaona U(0,t) = F(0). Kwa kuwa U(0,t) ni eneo lote chini ya grafu ya joto, eneo hilo halibadiliki kamwe. Huo ni uhifadhi wa nishati, na umeupata bila kufanya integrali hata moja.

Kinachobaki ni kurudi. Mabadilisho mawili yakizidishana upande wa w, upande wa x yanachanganywa hivi:

```
u(x,t) = ∫ f(y) G(x-y, t) dy
```

G ni badilisho la kinyume la e^(-k w² t). Wengi hulitafuta kwa kukamilisha mraba ndani ya kipeo, halafu wanasogeza w kwa namba changamano kana kwamba ni namba ya kawaida. Jibu linakuwa sahihi, ila hatua hiyo inahitaji nadharia ya Cauchy ili isimame, na mwanafunzi wa mwaka wa pili mara nyingi hajaifikia. Napendelea njia nyingine. Tafuta derivativu ya G kwa x: ndani ya integrali inaingia iw. Sasa w e^(-k w² t) si kingine ila derivativu ya e^(-k w² t) kwa w, ikigawanywa kwa -2kt. Fanya integrali kwa sehemu mara moja, na utapata:

```
G_x = -(x / 2kt) G
G(x,t) = G(0,t) e^(-x² / 4kt)
```

G(0,t) ni integrali ya kawaida ya e^(-k w² t) ikigawanywa kwa 2π, nayo ni 1/√(4πkt). Kwa hiyo:

```
G(x,t) = (1/√(4πkt)) e^(-x² / 4kt)
```

Hii ndiyo kengele. Ni joto linalotokana na nishati iliyowekwa yote kwenye nukta moja wakati t = 0. Hapa ndipo pa kunasa kosa la √(2π): eneo chini ya G lazima liwe 1 wakati wowote. Likitoka 2.5 au 0.4, umechanganya fasili mbili.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Fimbo ya shaba imefungwa kihami cha joto ubavuni, na imepashwa katikati hivi kwamba joto lililozidi mazingira ni

```
f(x) = 100 e^(-x² / a²),  a = 5 cm
```

Ukikimbilia ile integrali ya kuchanganya utakuwa na mraba mrefu wa kukamilisha. Kaa upande wa w. Badilisho la f ni 100 a√π e^(-a² w² / 4). Lizidishe kwa e^(-k w² t), na vipeo viwili vinajumlika:

```
-(a² + 4kt) w² / 4
```

Ni umbo lile lile, ila a² imekuwa a² + 4kt. Ita jumla hiyo b². Jibu unaliandika bila kuhesabu zaidi:

```
u(x,t) = 100 (a/b) e^(-x² / b²),  b² = a² + 4kt
```

Kengele imebaki kengele. Kinachoongezeka sawasawa na muda si upana b bali mraba wa upana, na kilele kinashuka kwa kiwango kile kile ambacho upana unaongezeka, ili eneo libaki vile vile.

Kwa shaba k ni takriban 1.1 cm² kwa sekunde, hivyo b² = 25 + 4.4t. Upana unafika sentimita 10, na kilele kinashuka hadi nyuzi 50, baada ya sekunde 17 hivi. Kufika sentimita 20 na nyuzi 25 kunachukua hadi sekunde ya 85. Ungetumia fimbo ya chuma safi, ambayo k yake ni takriban 0.23, ule upana wa sentimita 10 ungesubiri sekunde 82.

Sasa tazama nukta moja, sentimita 10 kutoka katikati ya fimbo ya shaba. Mwanzoni ina nyuzi 1.8 tu. Sekunde ya 17 ina nyuzi 18.4. Inaendelea kupanda hadi b² inapokuwa 2x², yaani 200, kwenye sekunde ya 40 hivi, ikiwa na nyuzi 21.4, kisha inaanza kupoa. Ukichora grafu ya kompyuta na nukta hiyo ikawa inapanda tu bila kugeuka, kagua kizidisho a/b. Huenda umeandika kipeo na kukisahau.

Fimbo isiyo na mwisho haipo karakana yoyote, kwa hiyo jiulize ya kwako inafanana nayo mpaka lini. Yenye urefu wa mita 2, iliyopashwa katikati, ina sentimita 100 kila upande. Sekunde ya 17 fomula inadai joto kwenye ncha ni kilele mara e^(-100), yaani ncha haijui lolote. Baada ya dakika 9 na nusu hivi b inafika sentimita 50, kilele ni nyuzi 10, na kwenye ncha fomula inatoa e^(-4) ya kilele, karibu asilimia 2. Kuanzia hapo ncha zinaanza kuingilia, na ni vizuri urudi kwenye jumla ya kosini. Na ukipima maabara ukaona eneo chini ya grafu linapungua mapema kuliko hapo, joto linavuja ubavuni: kagua kihami kwanza, si hesabu.

Jaribu mwisho kurudisha muda nyuma katika fomula ile ile. Kwenye t ya hasi 5.7, 25 + 4.4t inafika sifuri: kilele hakina kikomo, upana umekwisha, na nishati yote iko kwenye nukta moja. Kabla ya hapo b² ni hasi na hakuna jibu lenye maana. Upande wa w unaona sababu wazi, kwa kuwa t ikiwa hasi e^(-k w² t) inakua kadiri w inavyokua, na sekunde hizo 5.7 ndizo ambazo e^(-a² w² / 4) ya mwanzo inaweza kuzistahimili. Kengele yetu ya sentimita 5, kwa maneno mengine, ni G yenyewe iliyozaliwa kwenye nukta moja sekunde 5.7 kabla hatujaanza kuhesabu, ikiwa na eneo la 100 a√π, yaani 886 hivi kwa vipimo vya nyuzi na sentimita.