Namna ya kusoma taarifa za treni za London: matengenezo yaliyopangwa na hitilafu ya ghafla

Ukiishi London na zamu yako inaanza saa kumi na mbili asubuhi, kuna swali moja la kujiuliza kabla hujashuka ngazi za stesheni. Treni haipo kwa sababu ilipangwa isiwepo, au kuna kitu kimeharibika sasa hivi? Wenzetu wengi, hasa waliofika karibuni, hufungua TfL Go, programu ya simu ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, wakaona laini yao ina alama ya tahadhari, wakafunga simu na kukimbilia basi. Jibu la swali hilo liko palepale kwenye kioo, na hutegemea maneno machache tu ambayo wanaoandika taarifa hizo huyarudia kila siku.

Anza na kichwa cha taarifa. Ukiona «Planned Closure» au «Part Closure», hayo ni matengenezo yaliyopangwa: mafundi wanabadilisha reli, wanafunga mitambo mipya ya ishara au wanakarabati stesheni. Ya kwanza ni laini nzima, ya pili ni kipande chake. Ukiona «Suspended» au «Part Suspended», kwa kawaida jambo limetokea ghafla: ishara zimegoma, treni imeharibika njiani, au mtu ameumia relini. «Minor Delays» na «Severe Delays» nazo huwa za ghafla, ila treni bado zinatembea. Watu huchanganya «Part Closure» na «Part Suspended» kwa sababu zote mbili zinasema kipande hiki hakina treni. Tofauti yake kwa msafiri ni kubwa. Ya kwanza haitafunguka mapema hata ungoje vipi. Ya pili inaweza kufunguka ndani ya nusu saa, au ikakaa hadi jioni.

Kisha soma maelezo yaliyo chini ya kichwa, maana wengi huishia kwenye kichwa. Taarifa ya matengenezo hutaja siku na tarehe, hutaja stesheni mbili ambazo kipande kilichofungwa kiko kati yake, na mara nyingi huishia na «Replacement buses operate», yaani kuna mabasi mbadala yanayofuata njia ya treni. Taarifa ya hitilafu haina tarehe. Yenyewe hutaja sababu na mahali: «signal failure», yaani ishara zimeharibika, kisha jina la stesheni. Badala ya mabasi mbadala, utaona sentensi kwamba tiketi yako inakubaliwa kwenye mabasi ya kawaida na njia nyingine. Mabasi mbadala hukodiwa wiki kadhaa kabla na madereva hupangiwa zamu. Ishara ikiharibika saa mbili asubuhi hakuna mabasi yanayosubiri kwenye yadi.

Kwenye hitilafu, mimi hutafuta zaidi maneno mawili: «while» na «earlier». Taarifa ikisema «while we fix a signal failure», tatizo bado lipo na mafundi wako kazini. Ikisema «due to an earlier signal failure», tatizo limekwisha na kilichobaki ni athari zake. Treni zimerundikana upande mmoja, upande wa pili hakuna, na baadhi ya madereva wako mbali na mahali pa kubadilishania zamu. Hapo kusubiri kuna maana, kwa sababu huduma inarudi polepole. Kwenye «while», mimi sisubiri kama kuna njia ya pili.

Tuchukue mfano. Uko Stratford, unakwenda Wembley Park kwa laini ya Jubilee, na simu inasema hivi: «No service between Green Park and Finchley Road while we fix a signal failure at Baker Street. Severe delays on the rest of the line.» Isome kwa utaratibu. Hakuna tarehe, kuna «while», kwa hiyo ni ya ghafla na bado inaendelea. Kipande kilichokatika kiko katikati ya safari yako. Treni kutoka Stratford bado zinakuja, lakini zinageukia Green Park au kabla ya hapo, na ukipanda utashushwa katikati ya jiji pamoja na umati wote.

Sasa angalia hali ya laini nyingine kabla hujatoka ulipo. Metropolitan nayo inapita Baker Street na Finchley Road na kufika Wembley Park, lakini ina njia zake na ishara zake. Ikiwa imeandikwa «Good Service», panda Elizabeth kutoka Stratford hadi Farringdon, halafu Metropolitan moja kwa moja hadi Wembley Park. Kumbuka tu kwamba abiria wa Jubilee watahamia huko pia, na baada ya muda huenda nayo ikaanza kuonyesha ucheleweshaji kwa sababu ya msongamano.

Ingekuwa kipande hichohicho kimefungwa kwa «Part Closure» ya Jumamosi na Jumapili, ungekuwa umeshajua tangu katikati ya wiki. Tovuti ya TfL ina sehemu ya kuchagua «This weekend» au tarehe ya mbele, na Alhamisi jioni ni wakati mzuri wa kuitazama, kwa sababu kazi kubwa za reli huwekwa zaidi wikendi na siku za sikukuu. Wanaofanya usafi na uangalizi wa wagonjwa ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa kuwa zamu zao hazijui wikendi. Mwambieni msimamizi mapema. Kufungwa kwa laini kulikotangazwa ni kitu unachoweza kumwonyesha kwenye simu kabla ya siku yenyewe.

Programu za kupanga safari nazo hazizitendei taarifa hizi sawasawa. Matengenezo huingizwa kwenye ratiba, kwa hiyo ukiomba safari ya Jumapili kipande kilichofungwa hakitatokea kabisa. Hitilafu iliyotokea dakika kumi zilizopita mara nyingi haijafika huko, na programu itakupa treni isiyokuwepo bila wasiwasi wowote. Asubuhi ya kazi, soma hali ya laini kwanza, njia baadaye.

Kama una shaka bado, kuna mahali ambapo jibu limeandikwa wazi. Andika anwani hii kwenye kivinjari cha simu, ukibadilisha jina la laini:

```
https://api.tfl.gov.uk/Line/jubilee/Status
```

Utaona maandishi mengi ya kompyuta. Laini ikiwa na tatizo, tafuta neno `category` ndani ya sehemu ya `disruption`. Likifuatwa na `PlannedWork` ni matengenezo. Likifuatwa na `RealTime` ni tukio la sasa. Karibu yake kuna `fromDate` na `toDate`, yaani muda ambao taarifa inahusu. Kwa matengenezo, muda huo ni wa kuaminika. Kwa hitilafu, usiuchukue kama ahadi ya saa ya treni kurudi.

Kuna aina moja inayokaa katikati, nayo hutokea zaidi Jumatatu alfajiri: «late finish of engineering works». Kazi ilipangwa, lakini haikuisha kwa wakati, na treni ya kwanza haiwezi kutoka. Itendee kama hitilafu ya ghafla. Tarehe za wikendi zimeshapita, mabasi mbadala yameshaondoka, na hakuna ratiba ya kuitegemea. Laini yako ikiwa ilifungwa Jumapili, tazama simu Jumatatu kabla hujatoka nyumbani, ukiwa na basi lako la pili umeshalijua kwa namba.