Gego lililolala na jirani yake

Shikamoo daktari. Picha ya eksirei imeonyesha gego langu la mwisho limelala, lakini haliniumi. Ling'olewe ya nini? (Mama, Masasi)

Marahaba, mama. Usiliangalie hilo lililolala, liangalie la mbele yake. Gego la chini likiinamia mbele, kichwa chake hugota shingoni mwa jirani na kuacha mwanya usiofikiwa na mswaki. Chenga za korosho na nyuzi za nyama hujibana humo kila siku.

Niliwahi kumpokea kijana wa miaka 27 kutoka Tandahimba, naye hakuwa na maumivu yoyote. Kwenye picha ya taya zima, meno ya kulia huonekana upande wako wa kushoto, kama ya mtu aliyekukabili. Gego namba 48, la mwisho chini kulia, lilikuwa limelala. Namba 47, jirani yake, lilikuwa na doa jeusi mgongoni, chini kidogo ya enameli. Mfupa wenye afya huishia milimita 1 hadi 2 chini ya ukingo wa enameli; wake, hapo kati ya magego hayo mawili, ulikuwa umeshuka hadi nusu ya mzizi, ilhali kwingine kote ulikuwa mahali pake. Tulitoa 48, tukasafisha mzizi wa 47 na kuliziba, maana uozo haukuwa umefika kwenye kiini cha jino. Baadaye mfupa ulirudi kidogo, haukurudi wote. Angechelewa zaidi, nadhani tungeyang'oa yote mawili.

Kama jirani wa gego lako hana doa wala mfupa wake haujashuka, mara nyingi linaachwa na kufuatiliwa. Mwombe daktari wako akuonyeshe sehemu hiyo kwa kidole, mama.

Kwenye picha yangu naona weusi kati ya meno mengi. Yote yameoza? (Kilwa Masoko)

Hapana. Shingo ya jino ni nyembamba, mionzi hupita kwa urahisi, kwa hiyo huonekana nyeusi hata jino likiwa zima. Tena picha ya taya zima hupandanisha meno yaliyo kati ya chonge na magego makubwa, na tundu dogo linaweza kujificha humo. Nikiwa na shaka, naagiza picha ndogo ya ndani ya mdomo kabla ya kugusa jino.

Kwa nini walinivua hereni kabla ya kunipiga picha? (Mikindani)

Kivuli cha hereni hujitokeza upande wa pili, juu zaidi na chenye ukungu. Kinaweza kufunika kitu tunachokitafuta.

Naogopa mdomo kufa ganzi nikitolewa gego. (Newala)

Hofu yako ina msingi. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya taya, na njia yake huonekana kama mistari miwili myeupe. Mstari ukikatika unapokutana na mzizi, au mzizi ukiwa mweusi hapo, huenda vinagusana. Lakini picha hii ni bapa. Haisemi kama mshipa uko nyuma au mbele ya mzizi. Hapo mgonjwa wangu namwandikia sitiskani, na wakati mwingine tunakata kichwa cha gego tu na kuiacha mizizi palepale.