Bangili ya mazoezi imeunganishwa, lakini ujumbe haufiki mkononi

Swali: Nimenunua bangili ya mazoezi nikaiunganisha na simu yangu ya Android kupitia orodha ya Bluetooth. Simu inasema imeunganishwa, lakini ujumbe hauonekani mkononi. Rafiki yangu yeye analalamika kuwa yake inatetemeka kutwa nzima kwa kila kitu. Nifanyeje nipate simu zinazopigwa na ujumbe wa watu wachache tu?

Jibu: Bangili ya aina hii haisomi arifa yenyewe. Anayezisoma ni programu ya mtengenezaji iliyo ndani ya simu yako, na ndiyo inayoamua ipi itumwe mkononi na ipi iachwe. Ukiiunganisha kwa kupitia mipangilio ya Bluetooth peke yake, vifaa viwili vinafahamiana lakini hakuna wa kupeleka habari baina yao, ndiyo maana simu inadai kuwa mambo yako sawa ilhali mkononi kumenyamaza.

Kwa hiyo anza upya. Ifute bangili kwenye orodha ya Bluetooth, sakinisha programu iliyotajwa kwenye kijitabu chake, kisha oanisha ukiwa ndani ya programu hiyo, huku bangili ikiwa na chaji na iko karibu na simu. Isipoonekana, chunguza mambo mawili. Bangili nyingi hushikamana na simu moja kwa wakati mmoja, na ikiwa bado imeshikwa na simu ya zamani haitajitokeza kwa nyingine hadi iondolewe kule. La pili ni ruhusa: kuanzia Android 12 programu huomba ruhusa inayoitwa "Nearby devices", lakini katika matoleo ya nyuma ilihitaji ruhusa ya mahali, na mahali pawe pamewashwa, kwa sababu kutafuta vifaa vya Bluetooth kulihesabiwa kuwa njia ya kujua ulipo. Wengi huikataa kwa tahadhari, kisha wanadhani bangili ni mbovu.

Baada ya kuoanisha, programu itakuomba ruhusa ya kusoma arifa, ambayo ni tofauti na ruhusa nyingine zote na hutolewa kwenye ukurasa wake wenyewe, unaoitwa "Notification access" au "Device & app notifications" kutegemea toleo la simu. Ifikirie kabla ya kuitoa, kwani mwenye ruhusa hiyo anaweza kusoma arifa zinazoingia, pengine hata namba za siri za muda zinazotumwa na benki. Simu zinazopigwa zina ruhusa zao za pekee, na ukiona mkononi namba tupu badala ya jina, ruhusa inayokosekana ni ile ya anwani za watu.

Sasa tufike kwenye kuchagua. Ndani ya programu ya bangili kuna orodha ya programu zote za simu, kila moja na swichi yake. Rafiki yako bila shaka amewasha zote. Zima zote kwanza, kisha washa simu zinazopigwa na programu moja ya ujumbe, tuseme WhatsApp. Lakini swichi hiyo kwa kawaida haibagui watu: ukiiwasha, kundi la jamaa sitini litakutetemesha sawasawa na mwenzi wako. Uchujaji wa watu hufanyika ndani ya WhatsApp yenyewe. Lihamishie kundi hilo kwenye kumbukumbu ya soga, na uhakikishe kuwa soga zilizohifadhiwa humo zimewekwa zibaki humo hata ujumbe mpya ukiingia. Hapo hutapata arifa yake isipokuwa umetajwa kwa jina au umejibiwa. Kanuni ya kupimia ni nyepesi: arifa ambayo haikujitokeza kwenye simu haina njia ya kufika mkononi.

Jaribu ukiwa umefunga kioo cha simu, kwa kuwa programu nyingi zina chaguo la kutotuma chochote kioo kikiwa kimewaka, na mtu anayejaribu huku anaitazama simu hujidanganya. Mwombe mtu akuandikie, kisha aandike kwenye kundi, na usubiri.

Ikiwa zitafika leo kisha zikome baada ya saa kadhaa, na zikaanza tena pale tu unapoifungua programu ya bangili, basi simu inaizima programu hiyo ili kutunza betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo, uiondoe kwenye udhibiti huo, na usiifute kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa hivi karibuni. Kama bado kimya, hasa baada ya programu kusasishwa, zima ile ruhusa ya kusoma arifa kisha uiwashe tena. Mara nyingi huo ndio uzi uliokatika.