Siku ya kwanza kwenye Inventor: mwache ageuze kabla hajachora

Ninapomkalisha mwanafunzi mpya mbele ya Autodesk Inventor, programu ya kuchora vipuri vya pande tatu kwenye kompyuta, simfungulii faili tupu. Namfungulia bamba nililokwisha kulitengeneza: milimita 100 kwa 60, unene 10, lenye tundu la milimita 12 katikati. Kwenye faili tupu hana cha kugeuza wala cha kukikagua.

Tunaanza na eneo kubwa la katikati. Abonyeze gurudumu la kipanya huku akiburuta, bamba litasogea. Ashike Shift na kufanya vilevile, litageuka. Kama ana laptopu isiyo na kipanya, ashikilie F2 kusogeza au F4 kugeuza. Kisha namwonyesha mihimili midogo chini kushoto: X nyekundu, Y kijani, Z buluu. Inageuka pamoja na bamba, kwa sababu bamba halijahama hata kidogo. Kilichohama ni mahali anapolitazamia.

Nasisitiza hilo kwa sababu mwanafunzi akijiona amepotea, mkono wake hukimbilia Ctrl+Z. Ctrl+Z haimrudishii mwonekano. Inafuta kazi: anabonyeza mara ya pili, ya tatu, na alichotoka kukitengeneza kimeondoka. Kurudi kwenye mwonekano uliopita ni F5. Kurudi kwenye mwonekano wa nyumbani ni F6, au abofye kijumba kilicho kando ya mchemraba wa ViewCube, juu kulia.

Baada ya hapo tunahamia kushoto, kwenye mti wa modeli. Utamwonyesha Extrusion1, kisha Hole1, na mwisho kabisa End of Part. Mwambie aburute End of Part hadi juu ya Hole1: tundu linatoweka. Airudishe chini, tundu linarudi. Kwa zoezi hilo ataelewa kwamba mti ni mfuatano wa kazi, na si orodha ya vitu tu.

Utepe wa juu haustahili muda mrefu siku hiyo, na sioni faida ya kumkaririsha vitufe. Inatosha atazame kichupo kilicho wazi. Akibofya mara mbili Sketch1 iliyo ndani ya Extrusion1, kichupo cha Sketch kinafunguka na sehemu nyingine za mti zinafifia. Akitaka kutoka, abofye Finish Sketch.

Mwishoni nalificha bamba asione, halafu nampa alitafute. Kwanza F6. Lisipoonekana, atazame kama End of Part imepandishwa juu. Kama iko mahali pake, afungue Solid Bodies, abofye kulia Solid1 na kukagua kama Visibility ina alama ya vema. Na mti wenyewe ukiwa umefungwa, aende kichupo cha View, kwenye User Interface, aweke vema kwenye Model.