Petikeshi inapungua kila mwezi? Angalieni kwanza namna mnavyoijaza

Dada mmoja anayetunza petikeshi, yaani fedha taslimu ya matumizi madogomadogo, kwenye ofisi ndogo huko Morogoro ameniandikia. Bosi wake anamtumia Sh 150,000 kwa simu kila Jumatatu, na mwezi ulianza akiwa na Sh 300,000 mkononi. Mwisho wa mwezi walipopiga hesabu, alikuwa amepokea jumla ya Sh 900,000 ukihesabu na zile za kuanzia, vocha za malipo zikawa Sh 792,000, na kwenye kisanduku zikakutwa Sh 62,000. Pungufu Sh 46,000, na ameambiwa zitakatwa kwenye mshahara wake.

Kabla ya kukata mshahara wa mtu, ofisi hiyo ijiulize swali moja: hizo elfu 46 zilipotea wiki gani? Hakuna anayeweza kujibu, na si kosa la dada. Ni utaratibu wa kujaza ndio mbovu. Ukituma kiasi kilekile kila wiki bila kujali kilichotumika, fedha inayotakiwa kuwepo inabadilika kila siku na hakuna anayeijua kichwani.

Petikeshi ya masurufu inatatua jambo hilo kwa kanuni moja. Ofisi inapanga kianzio, tuseme Sh 300,000, na kiasi hicho hakibadiliki. Saa yoyote, siku yoyote, fedha taslimu ukijumlisha na vocha ambazo hazijarejeshewa fedha lazima vifike Sh 300,000. Ndiyo maana wakati wa kujaza hutoi namba ya mviringo. Unatoa kile kilichotumika, mpaka shilingi ya mwisho.

Tuchukue Ijumaa moja. Mtunzaji ana vocha 14, namba 0211 hadi 0224. Anazipanga kwa mafungu: nauli na bodaboda 64,000, maji na chai 38,400, usafi 27,000, karatasi na wino wa printa 75,000, vocha za simu 24,000. Jumla 228,400. Kisandukuni anahesabu 71,600. Zikijumlishwa ni 300,000 kamili, kwa hiyo anaomba 228,400. Anayeidhinisha asisaini jumla tu. Afungue vocha moja moja, aone risiti nyuma yake na sahihi ya aliyepokea fedha, na akimaliza apige kila vocha na kila risiti muhuri wa IMELIPWA. Muhuri huo unapuuzwa sana, na ndio unaozuia risiti ya Machi kurudi tena Mei.

Kwenye vitabu, mhasibu anadebiti yale mafungu matano na kukrediti benki 228,400. Akaunti ya petikeshi haiguswi, inabaki 300,000. Ukiona akaunti hiyo inapanda na kushuka kila mwezi, jua kuna mtu anadebiti petikeshi kila anapojaza, na matumizi halisi hayajaingia mahali pake. Akaunti hiyo inaguswa tu pale ofisi inapoamua kuongeza au kupunguza kianzio. Na siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu, jaza hata kama kisanduku bado kina fedha nyingi, la sivyo matumizi ya mwaka huu yatahesabiwa mwakani.

Lini ujaze? Usisubiri kisanduku kikauke, kwa sababu hapo ndipo mtunzaji anapoanza kutumia fedha yake ya mfukoni, na fedha mbili zikishachanganyika hakuna hesabu tena. Ibaki kama robo, omba. Ikiwa robo inafika kila baada ya siku mbili, kianzio ni kidogo. Ikiwa mwezi unakwisha na nusu bado ipo, ni kikubwa mno, na fedha iliyolala inaalika mikopo.

Sasa turudi kwenye simu, maana hapo kuna jambo linaloumiza wengi. Bosi akituma 150,000 na mtunzaji akaenda kwa wakala kuitoa, kuna makato ya kutolea. Yasipoandikiwa vocha, kila Jumatatu pengo linaongezeka kimyakimya. Ama ofisi itume kiasi pamoja na ada ya kutolea, ama makato yaandikiwe vocha siku hiyohiyo, na ujumbe wa simu unaoonyesha makato uwe ndio risiti.

Upande wa ukaguzi, kosa kubwa ni kukagua kwa taarifa. Ukisema "Ijumaa tutahesabu", Ijumaa fedha itakuwepo, hata kama Alhamisi usiku iliazimwa kwa jirani. Nenda ghafla, na ubadilishe nyakati: mara moja fedha ikiwa imejazwa jana, mara nyingine vocha zikiwa zimejaa. Ofisi yenye visanduku viwili ihesabu vyote kwa wakati mmoja, maana fedha ya kimoja huhamia kingine kwa dakika tano tu. Mtunzaji awepo tangu mwanzo mpaka mwisho, na ahesabu yeye mwenyewe mbele yako. Mkaguzi asiishike fedha peke yake hata kidogo. Hiyo inamlinda yeye na inamlinda mtunzaji.

Mfano, Jumatano saa tano asubuhi. Noti za elfu kumi 5, za elfu tano 3, za elfu mbili 4, za elfu moja 2. Sarafu za mia tano 3, za mia mbili 2, ya mia moja 1. Jumla 77,000. Vocha ambazo hazijarejeshewa ni 198,000. Kuna na kikaratasi cha dereva aliyechukua 20,000 ya safari, bado hajaleta risiti. Jumla 295,000, pungufu 5,000.

Hapo andika pungufu hiyohiyo siku hiyohiyo, pamoja na maelezo ya mtunzaji, wote wawili msaini. Usimruhusu aitoe mfukoni mambo yaishe, kwa sababu utapoteza dalili. Pengine ni malipo ya mbeba maji yasiyo na vocha, pengine chenji ilizidishwa. Ziada nayo iandikwe, kwani mara nyingi ni vocha iliyoandikwa zaidi ya kilicholipwa. Kikaratasi cha dereva kipewe siku ya mwisho, isizidi siku mbili baada ya kurudi. Kikikaa wiki tatu, huo ni mkopo wa mshahara usioidhinishwa.

Ukishamaliza fedha, rudi kwenye vocha. Angalia kama namba zimeruka. Angalia kama tarehe ya risiti iko nyuma ya siku mliyojaza mara ya mwisho. Linganisha kiasi cha tarakimu na cha maneno, maana 3,000 inageuzwa 8,000 kwa mkunjo mmoja wa kalamu, lakini "elfu tatu" haigeuki kirahisi. Na ukiona malipo matatu ya duka lilelile siku ileile, kila moja chini kidogo ya kikomo cha vocha moja, ni ununuzi mmoja uliokatwa vipande ili usipite kwa meneja.

Kwa dada wa Morogoro: kusanya ujumbe wote wa simu wa mwezi huo, jumlisha makato ya kutolea, kisha uliza kila aliyetumwa kama kuna nauli au chenji isiyoandikwa. Peleka hesabu hiyo kwa bosi kwa maandishi kabla ya siku ya mshahara. Kitakachobaki bila maelezo mkiandike kama pungufu, mhesabu fedha iliyopo mbele ya watu wawili, mwiongeze mpaka ifike 300,000 kamili, na kuanzia tarehe hiyo bosi atume tu kile ambacho vocha zinasema.