Hisa za serikali NMB: pa kuzitafuta na jinsi ya kuzihakiki

"Wakuu, serikali ina asilimia ngapi NMB? Mmoja ananiambia 30, mwingine 31.8, na wa tatu anadai ukijumlisha na za Wazungu serikali zinamiliki zaidi ya nusu. Jibu la uhakika liko wapi?"

Mkuu, shika 31.8. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa taarifa za kampuni za DSE kwa wawekezaji, na hili huulizwa sana.

Anza na taarifa ya mwaka iliyokaguliwa, iko kwenye tovuti ya benki. Usihangaike kutafuta neno "serikali" au jina la wizara humo. Hisa za serikali yetu huandikwa kwa jina la Msajili wa Hazina, kwa hiyo fungua PDF, bonyeza Ctrl+F na uandike "Treasury Registrar". Utafika kwenye jedwali la wanahisa wakubwa. Kabla ya kunakili chochote angalia tarehe iliyo juu ya jedwali, maana ni picha ya siku moja tu, kwa kawaida 31 Desemba. Kisha piga hesabu mwenyewe: NMB ina hisa milioni 500, na asilimia 31.8 ya hizo ni milioni 159.

Hiyo 30 unayokutana nayo ina historia yake. Mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 ikapunguza 21 nyingine benki ilipoingia sokoni. Ukitoa, inabaki 30. Makala nyingi zimeganda hapo.

Sasa uhakiki, na hapa ndipo ninapopapenda: tumia gawio. Gawio halina siasa, kila hisa inalipwa sawa. Kwa mwaka wa fedha 2022 NMB ilitenga takribani shilingi bilioni 143.1 kwa wanahisa wote, na serikali ikapokea bilioni 45.5. Gawanya:

```
45.5 / 143.1 = 0.318
```

Namba imekubali. Ukipata tofauti kubwa, kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza. Je, kiasi kilichotangazwa ni kabla ya kodi ya zuio au baada yake? Na je, kimechanganywa na kodi nyingine ambazo benki imelipa serikalini? Kwenye hafla za kukabidhi hundi vyote hivyo hutajwa kwa pumzi moja, na mwandishi wa habari akiwa na haraka anavijumlisha.

Huyo wa tatu anamzungumzia Arise B.V., mwenye asilimia 34.9, ambaye ndiye aliyechukua hisa za Rabobank. Ni kampuni ya Uholanzi yenye wenyewe watatu: Rabobank, FMO na Norfund. Rabobank si ya serikali. FMO ni benki ya maendeleo ambayo serikali ya Uholanzi ina asilimia 51. Norfund ni mali ya serikali ya Norwei yote. (Usimchanganye na ule mfuko mkubwa wa mafuta wa Norwei. Huo unasimamiwa na benki kuu yao, na hisa zake zote, kampuni kwa kampuni pamoja na asilimia, unazikuta kwenye tovuti ya NBIM, kitengo cha benki hiyo kinachousimamia.)

Kwa hiyo kujumlisha 31.8 na 34.9 na kuziita "za serikali" si sahihi. Kipande kisicho moja kwa moja kinapatikana kwa kuzidisha ngazi kwa ngazi. Kwa mfano tu, tuseme FMO ingekuwa na robo ya Arise:

```
34.9% x 25% x 51% = 4.4%
```

Hiyo ni sehemu ya faida inayoishia kwa serikali ya Uholanzi. Kura ni jambo lingine: kwenye mkutano mkuu Arise anapiga zote 34.9 kwa mkono mmoja, hagawi vipande. Ukiandika ripoti, weka safu mbili, ya faida na ya kura. Ukiweka moja tu, msomaji atachukua ile anayoitaka.

Kinacholeta ubishi kuliko vyote ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Tazama National Bank of Kenya kabla KCB haijainunua mwaka 2019: Hazina ya Kenya ilikuwa na asilimia 22.5, NSSF yao 48.05. Je, serikali ilikuwa na 22.5 au 70.55? Fedha za NSSF ni za wanachama, lakini mfuko wenyewe ni shirika la serikali. Mimi huandika mistari miwili tofauti na sijumlishi, ila nikiulizwa nani ana sauti kwenye bodi, nasema 70.55 bila kusita.

Kwa NMB, pitia majina yaliyobaki kwenye jedwali uone kama kuna mfuko wa umma. Ukiona akaunti ya mwakilishi, yaani benki inayotunza hisa kwa niaba ya wengine, mwenye mali halisi haonekani hapo. Asilimia hiyo iache kwenye mstari wake, usimpe mtu yeyote.